Testa hakuwepo pale bagi ilipozaliwa

Mfumo ukiharibika ukiwa laivu kuna swali huwa linatangulia kabla hata mtu hajafungua logi, nalo ni "kwani hii haikutestiwa?" Likishaulizwa tu hivo, shingo zote mezani zinageukia kwa mtu mmoja. Nimelisikia kwenye timu nyingi na safari hii nimelisikia kwenye timu yangu mwenyewe, siku moja baada ya wateja wetu kukatwa hela mara mbili, na wengine mara nne, kwa tiketi moja ya safari. Dada yetu anayetesti alikuwa amekaa kimya ameshika leptopu yake, na kwenye leptopu ile kulikuwa na majaribio 34 ya ukurasa wa malipo, yote kijani. Alikuwa ameifanya kazi yake.

Nikaomba nusu saa niongee na timu nzima, na haya ndo niliyoongea, nimeyapanga tu vizuri ili na timu nyingine ziyasome, manake nina uhakika wengi mna bagi kama hii imelala mahali inasubiri siku yake.

Nilianza na logi, sikuanza na hotuba. Nikachukua mteja mmoja nikaweka mistari yake minne kwenye skrini. Oda ya kwanza saa 19:42:07, ya pili 19:42:17, ya tatu 19:42:31, ya nne 19:42:41. Nikawaambia wasiseme kitu, waangalie tu sekunde. Kati ya ya kwanza na ya pili ni sekunde 10 kamili, kati ya ya tatu na ya nne ni 10 kamili tena. Binadamu habonyezi batani kwa usahihi wa namna hiyo, hiyo ni mashine inahesabu. Lile pengo la katikati, sekunde 14, hilo ndo la binadamu, huyo ni mteja amesoma neno "Imeshindikana" akashika kichwa akabonyeza tena.

Kilichotokea ni hiki. Mteja akibonyeza Lipa, programu ya simu inatuma rikwesti kwa seva yetu, seva inatengeneza oda halafu inaita huduma ya malipo. Siku za kawaida huduma ile inajibu ndani ya sekunde moja au mbili. Jioni ile watu walikuwa wengi ikawa inajibu baada ya sekunde 12 mpaka 14. Programu ya simu ilikuwa na taimauti ya sekunde 10, ikifika inakata tamaa na kutuma tena yenyewe, mara moja tu. Sasa kukata tamaa kwa simu hakuizuii seva, yani simu imeshaondoka mlangoni lakini kule ndani bado kazi inaendelea, oda inaandikwa na hela inakatwa. Rikwesti ya pili inafika, seva haijui kwamba ni jambo lilelile, inatengeneza oda nyingine na kukata tena. Nayo inachelewa, simu inakata tamaa mara ya pili, inamwonyesha mteja "Imeshindikana, jaribu tena". Mteja anatii, anajaribu tena. Hizo ni nne.

Hapo nikauliza swali langu, na nililiuliza taratibu kwa sababu ndo kiini cha yote niliyokuja kusema: katika chumba hiki nani alikuwa anajua nini, na alijua lini?

Developa wa simu alijua kuhusu ile 10. Aliiandika yeye, ipo kwenye mstari mmoja wa msimbo, na ile tabia ya kutuma tena aliiweka mwanzoni kabisa kwa ajili ya kusoma orodha ya safari intaneti ikiwa mbovu. Kwa kusoma orodha ni wazo zuri, ukisoma mara mbili hakuna kinachoharibika. Tatizo ni kwamba aliifunga kwenye sehemu moja ambayo rikwesti zote zinapitia, na miezi kadhaa baadaye malipo nayo yakapita humohumo. Kwenye HTTP, GET, ile rikwesti ya kusoma, inaruhusiwa kurudiwa bila madhara lakini POST, ile ya kutuma kitu kifanyiwe kazi, haina ahadi hiyo, na malipo ni POST. Hili jambo halionekani kwenye skrini hata ukikodoa macho kutwa, linaonekana tu kwa anayeandika na anayesoma ule msimbo.

Developa wa bekiendi alijua kwamba kila POST ikifika anatengeneza oda mpya bila kuuliza. Alijua pia kitu kikubwa zaidi: ile huduma ya malipo tuliyokuwa tunatumia stejing, yale mazingira ya kutestia kabla ya laivu, haikuwa ya kweli. Ilikuwa kigezo cha kuigiza alichokiandika yeye mwenyewe, kinarudisha jibu la "sawa" papo hapo, milisekunde chache. Hapa nikasimama kidogo kwa sababu hapa ndo mjadala mzima wa "kwani haikutestiwa" unapoanguka. Testa alipewa dunia ambayo malipo hayachelewi kamwe. Angeweza kuandika majaribio 34 au 3,400, yote yangekuwa kijani, kwa sababu hali iliyoleta bagi haikuwepo kwenye ile dunia na yeye hakuwa na swichi ya kuiwasha. Hakuna mtu aliyemficha, ni kwamba hakuna aliyeona kuwa ni kazi yake kumwambia.

Aliyerivyu ule msimbo alipata mabadiliko ya faili nyingi kwa mpigo, akaandika "iko poa" akaruhusu. Simlaumu peke yake, rivyu kubwa namna ile hakuna anayeisoma kweli, na anayeileta kubwa hivo naye ana sehemu yake. Ila swali "hii ikitumwa mara mbili inakuwaje?" ni la kuuliza kila unapoona POST inayogusa hela, na halichukui hata dakika.

Prodakti meneja aliandika kwenye tiketi ya kazi, si ya safari: "Mteja akibonyeza Lipa, oda itengenezwe na malipo yachukuliwe." Basi. Dizaina akachora skrini mbili, ya imefanikiwa na ya imeshindikana. Sasa malipo yana hali tatu, si mbili. Kuna imefanikiwa, kuna imeshindikana, na kuna hatujui bado. Hiyo ya tatu haikuwa na skrini, kwahiyo developa wa simu alipofika pale ilibidi aisukume kwenye mojawapo ya mbili zilizopo, akaisukuma kwenye imeshindikana. Tukawa tunamwambia mteja jambo ambalo hatulijui, halafu tunamwalika ajaribu tena. Zile oda ya tatu na ya nne zilitoka kwenye sentensi ile, hazikutoka kwenye msimbo. Dizaina wetu aliposikia hivo alishtuka, akasema hakuwahi kufikiria kwamba maandishi ya kwenye skrini yanaweza kuwa bagi. Yanaweza kabisa, na hii ilikuwa nusu ya tatizo.

Halafu kaka yetu wa seva. Tulifungua naye logi za nginx tukakuta namba 499 zimejaa, siku nyingi kabla ya jioni ile. Kwa wasioijua, 499 ni namba ambayo nginx inaiandika pale mteja anapofunga muunganisho kabla seva haijamjibu. Alikuwa anaziona. Alikuwa amezichuja zisionekane kwenye dashibodi kwa sababu, kwa maneno yake, "hizo ni za simu za watu, si zetu". Dashibodi yake ilikuwa inahesabu makosa ya 500 na kuendelea, na hayo hayakuwepo, kwa upande wa bekiendi kila kitu kilikwisha salama, oda nne nzuri zenye malipo manne mazuri. Dashibodi kijani, majaribio kijani, na mteja amekatwa mara nne.

Kwahiyo watu sita, kila mmoja ameshika kipande, na kipande kile hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Yule tuliyekuwa tunamtolea macho ndo pekee ambaye hakuwa na hata kimoja. Hii ndo hoja yangu na naisema kwa uzito wote: ubora hauwezi kuwa kazi ya testa peke yake kwa sababu maarifa ya kuuzuia uharibifu hayako kwa testa. Yako kwa aliyeandika taimauti, kwa aliyeandika kigezo, kwa aliyechuja 499. Testa anakuja mwisho na anaona kinachoonekana kwa nje, na bagi nyingi mbaya zinazaliwa ndani, kwenye maamuzi madogo ambayo aliyeyafanya hakuyaona hata kama ni maamuzi.

Si jambo la kwetu tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipotea kwenye safari yake ya kwanza, chini ya dakika moja tangu iruke. Programu ya kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri, na ndani yake kulikuwa na sehemu inayogeuza namba ya biti 64 kuwa namba ya biti 16. Ariane 5 ilikuwa na kasi ya mlalo kubwa kuliko ndugu yake, namba ikazidi, haikutosha. Kinachonigusa mimi kwenye ripoti ya uchunguzi ni kwamba data za njia ya Ariane 5 hazikuwekwa kwenye mahitaji ya kile kifaa. Mpimaji gani angepima kwa namba ambazo hakupewa? Ni kigezo chetu cha stejing kilekile, kwa ukubwa wa roketi.

Kuna aliyenibishia pale pale, na alibisha vizuri. Akasema mkuu, ukisema ubora ni wa wote mwishowe unakuwa si wa mtu, sote tutaitikia kwa kichwa na jumatatu tunarudi kama zamani. Yuko sahihi, nimeliona hilo likitokea. Ukiwaambia watu sita "mlinde nyumba" kila mmoja analala akijua yule mwingine yuko macho. Ndo maana sikuwaomba wawajibike kwa ujumla. Niliwaomba kila mtu aondoke na swali moja linalotokana na kipande chake, na tuone kwenye kurekebisha bagi hii hii kama linafanya kazi.

Marekebisho yenyewe yakawa somo. Bekiendi alikuja haraka na wazo: mteja mmoja asiruhusiwe kuwa na oda mbili za safari moja. Inaonekana safi. Prodakti meneja akasema hapana, watu wanakata tiketi yao, halafu baada ya dakika mbili wanakumbuka kumkatia na mtoto, kwa akaunti ileile, safari ileile. Tukaendesha hii kwenye oda za kabla ya tukio:

```sql
SELECT mteja_id, safari_id, COUNT(*)
FROM oda
GROUP BY mteja_id, safari_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Zikatoka nyingi, na za halali, zina majina tofauti ya abiria. Kama prodakti meneja asingekuwepo kwenye kikao tungeziba bagi moja kwa kufungua nyingine, tungewazuia wazazi kuwakatia watoto wao. Halafu ndo utasikia tena "kwani hii haikutestiwa".

Wazo la pili ndo lililobaki. Programu ya simu inatengeneza ufunguo mmoja wa kipekee pale mteja anapofungua ukurasa wa kulipa, si pale anapobonyeza, na kila jaribio la malipo yale linabeba ufunguo uleule kwenye `Idempotency-Key`. Seva ikiuona kwa mara ya pili haitengenezi oda mpya, inarudisha jibu la ile ya kwanza. Mteja akianza upya kumkatia mtoto, anafungua ukurasa upya, anapata ufunguo mpya, hana shida.

Hapo rivyu ikafanya kazi yake kweli kwa mara ya kwanza. Bekiendi aliandika kwamba kwanza anatafuta ufunguo kwenye databesi, asipoukuta anaandika oda. Aliyerivyu, yuleyule wa "iko poa", akauliza: rikwesti mbili zikifika kwa pamoja je? Zote mbili zitatafuta, zote hazitakuta kitu, zote zitaandika. Ni kweli kabisa, na bagi ya namna hiyo unaweza kuitesti kwa mkono wiki nzima usiione hata mara moja, itakuja siku ya watu wengi. Dawa yake ni kuiachia databesi yenyewe ikatae:

```sql
ALTER TABLE oda
ADD CONSTRAINT oda_ufunguo_uk UNIQUE (ufunguo);
```

Unaandika kwanza, ukikataliwa unajua yupo aliyetangulia. Na kama aliyetangulia bado hajamaliza, seva inajibu "inaendelea", na hapo ndo skrini ya tatu ya dizaina inapopata kazi. Aliandika maneno mwenyewe: "Malipo yako bado yanashughulikiwa. Tafadhali usilipe tena, tutakujulisha." Batani ya kujaribu tena akaitoa kwenye skrini ile. Ufunguo uleule ukapelekwa pia mpaka kwenye huduma ya malipo, kwa sababu kuzuia oda mbili kwetu hakutoshi kama kule hela inakatwa mara mbili.

Mtu wa seva akairudisha 499 kwenye dashibodi na kuweka alamu kwa njia ya malipo peke yake, kwingine akaziacha, manake kweli kuna simu za watu zinakatika tu. Na bekiendi akaongeza kitu kimoja kidogo kwenye kigezo chake cha stejing, mpangilio wa kuchelewesha jibu:

```
STUB_DELAY_MS=15000
```

Ilimchukua muda mfupi tu, nadhani chini ya saa. Dada yetu wa kutesti alipoipata ile swichi, mchana uleule akaleta bagi mbili ambazo hatukuwa tunazijua: ukifunga programu malipo yakiwa njiani halafu ukaifungua tena ufunguo ulikuwa unapotea, na risiti ilikuwa inatumwa kabla malipo hayajathibitishwa. Wale waliokuwa wanajiuliza kama "ubora ni wa wote" maana yake hatuhitaji tena testa, jibu ni hilo. Developa akitesti kazi yake anapita njia aliyoijenga, anajua pa kukanyaga. Testa anapita pasipo na njia. Lakini apite wapi kama umempa chumba kitupu kilichofagiliwa?

Kwa wanaosimamia timu, kuna dalili za kujua kama bado mnamtupia testa mzigo, na hazihitaji ripoti yoyote. Angalia tiketi zinamfikia lini: kama nusu yake zinaingia kwenye kutesti siku mbili za mwisho za sprinti, mmeshaamua kwamba muda wake ndo wa kufidia kuchelewa kwa wengine. Angalia pia aina ya bagi anazorudisha. Kama anarudisha batani isiyobonyezeka au ukurasa unaofunguka mweupe, maana yake aliyeandika hakuufungua hata mara moja, na kila saa anayoitumia testa kukuambia hilo ni saa ambayo hakuitumia kutafuta ile ya sekunde 10. Hii ndo hasara ninayoiona kubwa kuliko zote na watu hawaihesabu.

Developa mmoja aliniambia pembeni baada ya kikao kwamba yote ni sawa ila yatampunguza kasi. Nikamwomba ahesabu mwenyewe. Kuandika ufunguo, kizuizi cha databesi na swichi ya kuchelewesha zilikuwa siku mbili za watu wawili. Kutafuta nani alikatwa mara ngapi, kutenganisha wazazi na waliokatwa kimakosa mmoja mmoja, kurudisha hela, kujibu simu, ilitula siku tisa na ikawatoa watu watano kwenye kazi zao, yeye akiwemo. Hakunijibu, ila wiki iliyofuata niliona rivyu yake imekuja vipande vitatu vidogo badala ya kimoja kikubwa.

Sasa hivi kwenye kupanga sprinti tuna desturi moja tu mpya. Tiketi ikisomwa, kabla haijachukuliwa, testa anauliza "ikichelewa je, ikija mara mbili je, ikikatika katikati je", na jibu linaandikwa kwenye tiketi na yule anayelijua, awe dizaina au mtu wa seva. Juzi tulikuwa tunapanga kurudisha tiketi za wateja walioahirisha safari. Kabla dada hajafungua mdomo, developa wa simu akasema, "hii nayo ni POST, ufunguo wake unazaliwa kwenye ukurasa gani?" na mtu wa seva akawa tayari anaandika ni namba gani za kuwekea alamu.